Ruhusa ya saa chache kila Jumatano

"Nampeleka mama mazoezi ya viungo KCMC kila Jumatano mchana, wiki nane. Niombeje ruhusa bila kumaliza likizo?"

Dada, usiombe kila wiki, bosi atachoka. Andika barua moja yenye tarehe zote nane, saa ya kutoka na nani atashika kazi zako, uambatishe kadi ya kliniki. Ukitoka saa 8 na kazi huisha saa 11, ni saa 3. Mara 8 ni saa 24, yaani siku 3 za kazi za saa 8. Hesabu hiyo ikubaliwe kwa maandishi, maana likizo ya siku 28 kisheria huhesabiwa mfululizo, hadi Jumapili, na hapo ndipo ubishi huanza. Mimi nilikubaliwa kwa mdomo tu, nikaja kukatwa siku nane nzima!