Kaboneti: chora nukta zake bila kupoteza elektroni mbili

Nilipokuwa kidato cha tano nilichora ayoni ya kaboneti, CO₃²⁻, nikajaza karatasi nzima na bado oksijeni moja ikabaki na elektroni sita badala ya nane zinazotakiwa kwa kila atomu. Nikafuta, nikachora upya, ikabaki sita vilevile. Kosa langu lilikuwa kwenye hesabu ya mwanzo kabisa. Miaka hii ninayofundisha masomo ya jioni, naliona kosa lilelile karibu kila muhula, kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu.

Anza kwa kuhesabu elektroni za ganda la nje. Kaboni ina 4. Kila oksijeni ina 6, na tatu zinaleta 18. Jumla 22. Hapo ndipo nilipoishia mimi, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Ile 2⁻ iliyo juu ya fomula inamaanisha ayoni imepokea elektroni mbili za ziada, basi unaziongeza: 24. Alama ya kutoa huwachanganya wanafunzi, wakazipunguza. Kumbuka elektroni yenyewe ni hasi, hivyo ayoni hasi ni ile iliyozidishiwa.

Weka kaboni katikati, kwa kuwa yenyewe huvuta elektroni kwa nguvu ndogo kuliko oksijeni. Iunganishe na kila oksijeni kwa bondi moja. Bondi tatu zimekula elektroni 6, zimebaki 18. Zigawe kwa oksijeni, sita kwa kila moja, yaani jozi pweke tatu. Sasa mfuko umekwisha na kila oksijeni ina nane, lakini kaboni ina sita tu. Usitafute elektroni mpya. Chukua jozi pweke moja ya oksijeni yoyote uigeuze iwe bondi ya pili na kaboni. Kaboni imefika nane, na oksijeni ile haijapoteza kitu, maana jozi ya bondi huhesabiwa pande zote mbili.

Kisha kagua kwa chaji rasmi. Kwa kila atomu, chukua elektroni zake za ganda la nje, toa elektroni za jozi pweke, halafu toa idadi ya bondi. Kaboni: 4 − 0 − 4 = 0. Oksijeni yenye bondi mbili: 6 − 4 − 2 = 0. Oksijeni yenye bondi moja: 6 − 6 − 1 = −1, na ziko mbili. Jumla ni −2, sawasawa na chaji ya ayoni. Kama ningejua kufanya hivi siku ile, mchoro wangu wa elektroni 22 ungenipa jumla ya sifuri, nami ningejua papo hapo kwamba elektroni mbili zimeachwa nje.

Chaji rasmi inaonyesha pia kwa nini tusiishie kwenye bondi moja moja. Pale kaboni ilikuwa na +1 na oksijeni zote tatu −1. Jumla ni −2 pia, ila chaji zimetawanyika mno na kaboni haijatimiza nane.

Basi, mpwa wangu aliniuliza swali zuri: "Mjomba, ni oksijeni ipi inayopata bondi mbili?" Yoyote. Ndiyo maana tunachora michoro mitatu, kila mmoja ndani ya mabano ya mraba yenye 2⁻ nje, na kati yake mshale mmoja wenye ncha mbili. Usiweke mishale miwili ya msawazo wa kikemia, kwa sababu ayoni hairukiruki kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Hii ndiyo resonansi: ayoni ni moja, haibadiliki, ila mchoro mmoja wa nukta hautoshi kuionyesha.

Ushahidi uko kwenye vipimo. Bondi moja ya kaboni na oksijeni huwa na urefu wa pikomita 143 hivi, na bondi mbili kama 120 na kitu. Ndani ya kalisiti, madini ya mawe ya chokaa, bondi zote tatu za kaboneti zina urefu mmoja, karibu pikomita 129. Bondi nne zimegawanywa sehemu tatu, kila moja ni sawa na bondi 4/3, na kila oksijeni inabeba −2/3. Ayoni hiyohiyo imo kwenye magadi yatokayo Ziwa Magadi na Ziwa Natroni.

Ukitaka kujipima, chora nitrati, NO₃⁻. Elektroni ni 24 vilevile, na michoro ni mitatu. Ila nitrojeni itabaki na chaji rasmi ya +1, na hutaweza kuiondoa kwa kuongeza bondi nyingine, kwani nitrojeni haibebi zaidi ya nane. Iache ilivyo, jumla itakuja −1.