Saa za Ramadhani na hesabu ya mashati

«Meza ya mafundi wanne wanaofunga, hapa Lubumbashi, imetoka kazi ya saa 8 kwa siku kwenda 6. Patroni bado anataka mashati 21 kwa siku. Ni haki?»

Si haki, ndugu. Ila msikate robo tu: kutia uzi, kupanga vitambaa na kufagia hula saa nzima hata siku ikiwa fupi. Mlikuwa mnashona saa 7, mashati 3 kwa saa. Sasa saa 5, basi 15. Yale 6 wasitupiwe wasiofunga bure: mteja asogezewe tarehe, au walipwe saa za ziada. Nanyi muanze alfajiri, nguvu zikingalipo.

— Mbona Dubai wote wanapunguziwa saa 2, hata wasiofunga?

— Kule ni sheria. Hapa mnapatana na patroni, na mshahara muandikiane kabla mwezi haujaandama.