Kubandika, kupachika au kupini gumzo?

"Naandikia wanachama wa kikundi chetu cha kuweka akiba maelekezo ya Telegram. Lile gumzo linalowekwa likae juu siku zote, niseme limepiniwa, limepachikwa au limebandikwa? Na kubadilisha mpangilio wake ni kuyapangua?"

Andika limebandikwa. Kupachika ni kuingiza kitu mahali kikashika, kama ua nyweleni au kalamu sikioni. Kubandika ni kukishikiza juu ya uso wa kitu kingine, kama tangazo ubaoni, na gumzo hilo ndivyo linavyokaa: mengine yanapanda na kushuka kadiri ujumbe unavyoingia, lenyewe halisogei. Kupini nakusikia kila siku na sikudharau, lakini kinyume chake hakuna. Kubandika kuna kubandua, neno ambalo hata asiyejua simu analo tayari, kwa kuwa amekwisha kusikia bandika bandua ya jikoni.

Kinyume hicho utakihitaji mara tu utakapofika kwenye kikomo. Katika orodha kuu ya Telegram, asiyelipia hubandika magumzo yasiyozidi matano. Mwenye Premium, kumi. Tuseme mwanachama amebandika kikundi chenu, familia, wazazi wa shule, fundi na duka la jumla. Akijaribu kubandika la sita, linakataliwa, na wengi hudhani simu imeharibika. Basi mwandikie: "Bandua gumzo la fundi, kisha bandika la mweka hazina." Nakushauri uandike "yasiyozidi matano" badala ya "hadi matano", maana kuna wanaosoma hadi wakabaki wakijiuliza kama la tano limo.

Kuhusu mpangilio, epuka kupangua. Kupangua ni kuvunja mpango uliokuwepo, na msomaji anaweza kuelewa kwamba ayaondoe yote. Sema kupanga upya, na kwa kitendo chenyewe tumia kuburura. Kwenye kompyuta, kwa mfano: "Shikilia gumzo la kikundi kwa kipanya, liburure hadi juu ya gumzo la familia, uachie." Linabururwa miongoni mwa yaliyobandikwa tu, lisilobandikwa hupangwa na programu yenyewe kwa kufuata ujumbe wa mwisho.

Jambo moja nililoliona likiwapotosha watu: kubandika pia ndiko tunakotumia baada ya kunakili maandishi. Kwa gumzo hakuna utata, kwa kuwa gumzo zima halinakiliwi. Lakini Telegram huruhusu pia ujumbe mmoja ushikizwe juu ndani ya gumzo, na ukiandika "bandika ujumbe wa michango", mwanachama atanakili ule ujumbe na kuutuma upya. Hapo ongeza maneno matatu: "bandika ujumbe wa michango juu ya gumzo", au "mwanzoni mwa gumzo" ikiwa unaogopa juu ya isisomwe kama kuhusu.