Gari Lako Linalala Wapi? Majibu kwa Wasomaji

"Kwenye fomu ya bima nilijaza kwamba gari linalala gereji. Nililala kwa dada yangu usiku mmoja, likaibwa barabarani. Nitalipwa?"

Ikiwa bima yako inagusa wizi, kwa kawaida ndiyo. Fomu huuliza mazoea, yaani gari linakolala siku nyingi, na usiku mmoja wa ugenini haufanyi jibu lako kuwa uongo. Lakini fungua hati yenyewe usome viambatisho, kwani huko ndiko sharti la gereji hujificha. Baadhi ya kampuni huandika kwamba kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa ndani ya mita 500 kutoka nyumbani kwako, lazima liwe kwenye gereji iliyofungwa, la sivyo wizi haulipwi. Dada akikaa mji mwingine, sharti la namna hiyo halikuhusu. Akikaa mtaa wa nyuma, una kesi ngumu.

"Gereji ninayo, ila imejaa makochi, gari nalaza nje ya geti. Si nimesema kweli?"

Hujasema kweli. Hukuulizwa una nini, uliulizwa gari linalala wapi. Mchunguzi wa madai ataomba umfungulie hiyo gereji, na makochi yenye vumbi yatamjibu kabla yako. Atawauliza majirani pia, na gari likiwa na kifaa cha kulifuatilia, kumbukumbu zake zitaonyesha lililala wapi miezi yote.

Kinachofuata hutegemea sheria ya nchi yako na kama ulikosea au ulidanganya. Tuseme ulilipa ada ya 80 kwa mwaka, na kampuni ingejua liko barabarani ingekutoza 100. Pale sheria inaporuhusu kupunguza kwa uwiano, gari la thamani ya 10,000 utalipwa 8,000, kabla ya kukata ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikithibitika ulidanganya kusudi, wanaweza kufuta bima nzima. Kwa maoni yangu, hiyo 20 uliyookoa ilikuwa ghali mno.

"Jirani anaegesha barabarani na ada yake ni ndogo kuliko yangu. Kwa nini?"

Maegesho ni kigezo kimoja tu. Aina ya gari, umri wa dereva na historia ya madai vyaweza kukuzidishia ada kuliko gereji inavyoipunguza. Barabarani hatari si wizi peke yake: kuna vioo vya pembeni kung'olewa na magari yanayopita kukwaruza ubavu. Gereji nyembamba nayo hukwaruza, kwa hiyo usitarajie punguzo kubwa kila mara.

"Nimehama, sina gereji tena. Nisubiri bima iishe?"

Usisubiri. Waandikie leo, utaje anwani mpya na tarehe uliyohamia. Kama tofauti ni 20 kwa mwaka na imebaki nusu, utaongeza kama 10, pengine na ada ndogo ya kubadilisha hati. Wakikutumia hati mpya, hakikisha sharti la gereji limeondolewa, maana kubadilisha anwani peke yake hakuliondoi.