Picha Uliyoiona Imeshaingia Kwenye Kumbukumbu Yako

Swali: Shikamoo wakili. Mwezi Julai, kama saa mbili usiku, kijana aliyevaa jaketi na mzula alininyang'anya pochi na simu huku Nkuhungu. Wiki iliyopita mtu alituma picha ya vijana watatu kwenye kundi la mtaa wetu, nikamwona hapo hapo. Ni yeye asilimia mia, na kila nikiiangalia uhakika unazidi. Nikiipeleka polisi wakamkamata, si nitamtambua tu kwenye gwaride la utambuzi na kesi itakuwa imeisha? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yaliyokupata.

Gwaride hilo halitathibitisha kitu. Utamchagua kijana wa kwenye picha, sina shaka hata kidogo, na utamchagua awe ndiye aliyekuibia au asiwe. Mahakama ikijua kwamba shahidi alionyeshwa picha ya mtuhumiwa kabla ya gwaride, gwaride hilo huwa halina maana tena. Shahidi hapo hawezi kusema anamfananisha na mtu wa usiku ule wakati sura aliyoiona karibuni zaidi ni ya kwenye simu.

Maneno yaliyonishtua zaidi ni hayo kwamba kila ukiiangalia picha uhakika unazidi. Nayasikia mara kwa mara ofisini, na kila anayeyasema huyatoa kama ushahidi. Hebu tuyapime. Mtu yule ulimwona mara moja tu, Julai, kwa muda mfupi, ukiwa na hofu. Tangu hapo hujamwona tena. Kumbukumbu ya usiku ule haina pa kupata nyongeza, inachoweza ni kufifia. Sasa kama kuna kitu kinaongezeka kichwani mwako, kinatoka wapi? Kinatoka kwenye picha. Unazidi kumfahamu kijana wa kwenye picha, na ule wepesi wa kumfahamu ndio unaouita uhakika.

Hujasema uongo, na ndiyo maana jambo hili ni la hatari. Shahidi mwongo hubanwa maswali akajikanyaga. Shahidi mkweli aliyekosea hulia kizimbani, huapa, na kila anayemsikiliza humwamini.

Ngoja tuangalie ulichokiona hasa. Sura ya mtu tusiyemfahamu tunaishika zaidi kwa mambo ya nje: umbo la kichwa, nywele zinapoanzia, masikio. Sura ya mtu tunayemfahamu, kama kaka yako, ndiyo tunayoishika kwa macho, pua na mdomo, ndiyo maana humpotezi hata akinyoa kipara. Mzula wa baridi ya Julai hapa Dodoma hufunika yale ya nje karibu yote. Ulibaki na kipande cha kuanzia nyusi hadi kidevu, gizani. Kichwa hakipendi mapengo. Ulipoona picha, masikio na nywele vilipata pa kukaa, na hakuna alama inayobaki ya kukuambia kwamba sehemu hii ni ya Julai na ile ni ya wiki iliyopita.

Nakupa kesi moja ambayo kila mpelelezi angepaswa kuijua. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 22 alibakwa nyumbani kwake. Wakati wa tukio alijilazimisha kuisoma sura ya mtu yule ili akipona aweze kumtaja. Polisi walimwekea picha sita mezani. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akachagua ya Ronald Cotton, na polisi wakamwambia amefanya vizuri. Baadaye wakapanga gwaride la watu wenyewe, na Cotton ndiye mtu pekee aliyekuwa kwenye picha na kwenye gwaride pia. Akamchagua. Akaambiwa kwamba ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Kuanzia hapo hakuwa na wasiwasi tena.

Cotton alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1987 kesi ilisikilizwa upya, na mtu aliyefanya kitendo kile kweli, Bobby Poole, akaletwa chumba cha mahakama, akasimama mbele ya yule dada. Alisema hajawahi kumwona maishani. Sura ya Cotton ilikuwa imekaa mahali pa sura ya Poole, na Poole mwenyewe akawa mgeni. Vipimo vya vinasaba vilimtoa Cotton gerezani mwaka 1995, baada ya miaka zaidi ya kumi.

Tazama uhakika ulivyopanda. Mwanzo ulikuwa dakika kadhaa za kusita mbele ya picha sita. Kisha sifa kidogo kutoka kwa polisi, kisha gwaride lenye sura moja tu aliyokwisha kuiona. Hakuna hata hatua moja iliyoongeza habari mpya kuhusu mbakaji. Wewe picha yako ilikuwa moja, haikuchanganywa na nyingine, na nadhani kuna watu kundini waliokuandikia, “Ndiye huyo huyo, tunamjua.” Hiyo ndiyo sifa ya polisi wa Burlington kwa sura nyingine.

Sasa niwageukie hao wa kundini, maana wamenichosha. Kuna watu kila mtaa wanaojiona mabingwa wa kumtaja mtu kwa kumwona kwenye picha. Inatumwa picha ya kamera ya duka, ya juu, yenye ukungu, na ndani ya robo saa jina limeshatajwa, nyumba imeshatajwa. Wanaamini kwamba kwa kuwa picha haisahau, basi wao hawawezi kukosea. Lakini picha haisemi jina. Jina linawekwa na mtu anayeitazama, na jicho lake lina udhaifu ule ule wa shahidi wa gizani.

Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwapa watu picha 40 za sura wakawaomba wazigawe, kila mtu na fungu lake. Zilikuwa picha za wanawake wawili tu, 20 kwa 20. Watu wasiowafahamu wanawake hao walitengeneza mafungu saba, manane, wengine hata kumi na sita, na hakuna aliyepata mawili. Walipopewa watu wanaowafahamu, wengi wao walipata mawili bila taabu. Mwanga, pembe ya kamera, nywele na kucheka vilitosha kumfanya mtu mmoja aonekane kama watu wanne. Hapo hakuna aliyekuwa na hofu, hakuna aliyekumbuka chochote, picha zote zilikuwa mezani.

Usifikiri kazi ya kila siku inaponya tatizo hili. Maofisa wa pasipoti wa Australia walijaribiwa kwa kulinganisha mtu aliyesimama mbele yao na picha, na takriban mara 14 katika kila 100 walipitisha picha ya mtu mwingine. Waliokuwa kazini miaka mingi hawakuwashinda wapya.

Njia ya mkato ya zamani ni ramli. Mtu ameibiwa, anakwenda kwa mganga, anaulizwa kwanza anamshuku nani, kisha anaambiwa atazame kwenye beseni la maji au kioo. Anamwona! Bila shaka anamwona, jina amelitaja yeye mwenyewe dakika tano zilizopita. Nina hasira na biashara hii kwa sababu nimeona jirani akihama na watoto wake kwa sura iliyoonekana kwenye maji. Naitaja hapa kwa kuwa picha ya kundini hufanya kazi ile ile: unapewa sura wakati moyo umeshaitafuta.

Njia ya mkato mpya ni kompyuta ya kutambua sura. Detroit, Marekani, polisi walichukua picha hafifu ya kamera ya duka wakaiingiza kwenye programu, ikawatolea picha ya leseni ya Robert Williams. Kisha wakaiweka kati ya picha sita mbele ya mlinzi ambaye hakuwepo siku ya wizi, alikuwa ameangalia video tu. Akamchagua. Williams alikamatwa Januari 2020 mbele ya mabinti zake, na hakuwa yeye. Programu kazi yake ni kutafuta anayefanana, na mtu anayefanana ndiye hasa shahidi atakayemchagua. Kwa hiyo jibu la pili halikuwa ushahidi wa pili. Katika mapatano ya mwaka 2024 polisi wa jiji hilo walikubali kwamba hawatamwekea shahidi picha kwa kutegemea matokeo ya programu peke yake.

Sisi hapa sheria yetu iliyaona haya mapema. Katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa kuona kwa macho ni ushahidi dhaifu na haufai kutegemewa mpaka uwezekano wa kukosea umeondolewa wote. Ndiyo maana utaulizwa ulimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, na kama ulimjua kabla. Ukijibu “taa ya pikipiki yake,” jiandae kuulizwa kama ilikuwa inakumulika wewe au inammulika yeye. Nalo gwaride lina utaratibu wake kwenye kanuni za kazi za polisi, PGO namba 232: mtuhumiwa huchanganywa na watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na mwonekano, na shahidi hatakiwi kuwa amemwona kabla.

Basi fanya hivi. Usiifungue tena picha hiyo, wala usiandike jina la mtu kundini. Tafuta maelezo uliyoyatoa polisi Julai, ulipopewa RB. Maneno yale ya siku ile, hata kama ni mistari mitatu, yana uzito kuliko uhakika wako wa leo, kwa sababu yaliandikwa kabla ya picha. Kama ulisema “mrefu, mweusi, ana pengo,” na kijana wa kwenye picha hana pengo, hilo usilifiche.

Kisha nenda kwa mpelelezi umwambie waziwazi: nimeona picha, tarehe fulani, ilitumwa na fulani, na kabla ya hapo nilikumbuka hiki na hiki. Peleka na boksi la simu. Namba ya IMEI, tarakimu 15, ipo pale pembeni, na kwa hiyo wanaweza kufuatilia laini iliyowekwa kwenye simu yako tangu Julai. Wakimfikia mtu kwa njia hiyo na akawa kijana wa kwenye picha, utakuwa umepata ushahidi usiotoka machoni pako. Akiwa mtu mwingine kabisa, utakuwa umemwepusha kijana huyo na wenye hasira kali wa Nkuhungu.