Maswali na Majibu: Jalada lako liko mezani kwa nani?

Barua yangu ina miezi miwili ofisini. Kila nikienda naambiwa "inashughulikiwa". Nifanyeje?

Swali hili naletewa kila wiki, na kila mara mwulizaji hana namba yoyote mkononi. Uliza namba ya jalada na ya folio, yaani namba ya karatasi yako ndani ya jalada hilo. Barua ikipokelewa hugongwa muhuri wa tarehe na kuandikwa kwenye rejista, kisha karani wa masijala huifunga ndani ya jalada na kuipa namba ya folio. Folio 14 ikifuatiwa na 16, kuna karatasi imechomolewa. Jalada likitoka masijala, daftari la mwendo wa majalada huonyesha limetoka lini na limekwenda kwa nani. Mwombe karani alifungue daftari hilo.

Mimi niliwahi kuomba hivyo. Tukakuta jalada langu lilipelekwa kwa afisa ambaye alikuwa amehamishwa wiki tatu nyuma bila kukabidhi, na lilikuwa bado kwenye droo yake, imefungwa. Lilirudishwa masijala, likaandikwa upya kwa jina la aliyeshika nafasi yake, na siku ya nne nikajibiwa. Bila daftari lile ningekuwa naambiwa "inashughulikiwa" mpaka leo.

Tena hakikisha nakala yako inagongwa muhuri siku unayowasilisha.

Si afadhali nimtumie ninayemfahamu ndani, alisukume?

Usithubutu. Jalada linalobebwa mkononi haliandikwi daftarini, na likipotea hakuna wa kuulizwa.

Kompyuta zitamaliza urasimu?

Hapana. Masijala itahamia kwenye kompyuta, na mtu asiyeingiza kumbukumbu ataendelea kutoziingiza.

Fomu yangu imekataliwa kwa sababu nimetumia wino wa buluu. Ni halali?

Mwulize afisa kanuni hiyo imeandikwa wapi. Kama ipo, jaza upya. Kama haipo, andika malalamiko kwa mkuu wake. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1940: mtumishi hufunzwa kushika kanuni mpaka kanuni yenyewe inageuka kuwa lengo, na kazi iliyoifanya itungwe inasahaulika. Afisa wa namna hiyo mara nyingi si mtu mbaya. Anajua ataadhibiwa akikiuka kanuni, na hataulizwa lolote kwa kukurudisha nyumbani.

Ngazi zote hizi za nini? Si mtu mmoja aamue?

Akiamua peke yake, ukionewa utakata rufaa kwa nani? Afisa huandika dokezo lenye hoja na pendekezo, mkuu wake huandika chini yake amekubali au amekataa, na wote wawili hutia saini na tarehe. Max Weber, Mjerumani aliyeuchambua urasimu mwanzoni mwa karne ya 20, alisisitiza maandishi haya pamoja na kutenganisha cheo na mtu: afisa akiondoka, uamuzi unabaki.

Ubovu huingia pale afisa anapoandika "naomba maelekezo" bila pendekezo lolote. Mkuu naye hupandisha juu vilevile. Jalada linazunguka meza tano, saini zimejaa, na hakuna aliyeamua.