Marudio nayo yana kazi

"Mteja wa Nyali ana mwongozo wa programu wa kutafsiri kutoka Kiingereza, maneno 5,500, mengine yanajirudia. Nimtoze yote?"

Ndugu yangu, hesabu maneno ya Kiingereza, si ya tafsiri: "nitakupigia" ni neno moja, kwa Kiingereza ni manne. Mapya 4,000 toza kamili. Marudio 1,500 toza thuluthi, yaani kama maneno 500. Kwa shilingi 6 kila neno, ni 27,000. Mwenzangu wa Likoni hatozi marudio kabisa. Mimi sikubali, kwani `New` ile ile huwa faili jipya hapa, kitabu kipya pale, kwa hiyo lazima uyapitie yote. Kama mwongozo una majedwali ya kupanga, hayo toza kwa saa: panga kurasa mbili kwanza, pima muda, ndipo utaje bei.